Sura ya Tano: Bomba Lipo, Maji Je? Kuandika Pendekezo la Utafiti Kutoka Mgwashi

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetaka kutafiti upatikanaji wa maji pembezoni mwa miji hukimbilia Dar es Salaam. Huko ndiko tafiti nyingi zilikofanyika, na huko ndiko kunakopatikana ramani, takwimu na marejeo. Sura hii inampeleka kwingine: kata ya Mgwashi, katika Halmashauri ya Bumbuli, wilaya ya Lushoto, juu ya Milima ya Usambara. Tutaandika pendekezo lake hatua kwa hatua, kuanzia tamko la tatizo, kupitia malengo, hadi mbinu. Tumeichagua Mgwashi kwa sababu milima inaweka wazi jambo ambalo maeneo ya tambarare hulificha: kaya inaweza kuhesabiwa kuwa inapata maji kwa vigezo vya umbali na idadi ya watu, na bado ikawa haina maji ya kutosha.

Je, Mgwashi ni pembezoni mwa mji?

Hilo litakuwa swali la kwanza la jopo, na lijibiwe kwenye ukurasa wa kwanza. Mgwashi haijapakana na jiji lolote. Ila neno "pembezoni" halihusu umbali kutoka jijini peke yake. Linahusu mahali ambapo maisha ya mji yamekwisha kuingia huku utawala na huduma zikiendelea kuendeshwa kijijini. Usambara ina senta nyingi za namna hii zilizokua kandokando ya barabara. Utakuta maduka, gulio, shule, zahanati na vyumba vya kupanga, na nyuma ya nyumba mashamba yanaanza.

Mwanafunzi asitangaze tu kwamba senta yake ni ya aina hiyo. Aweke vigezo vitatu vinavyopimika, kisha aonyeshe ni vitongoji gani vinavikidhi. Kwanza, kaya zinazoishi kwa kupanga. Pili, kaya ambazo kipato chake kikuu hakitoki shambani. Tatu, viwanja vilivyomegwa na kujengwa upya ndani ya miaka kumi iliyopita. Kitongoji kikikidhi viwili kati ya vitatu, kiingie katika eneo la utafiti. Kisichokidhi kibaki nje, hata kama kiko ndani ya kata hiyohiyo.

Vigezo hivi vina uzito kwa sababu ya namna huduma ya maji ilivyogawanywa nchini. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, wakala anayesimamia maji vijijini. Uendeshaji wa kila siku uko mikononi mwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, huku miji ikihudumiwa na mamlaka za maji. Senta inayokua kama mji lakini inahesabika kuwa kijiji hupangiwa miundombinu ya kijiji, yaani vituo vya kuchotea maji vya jumuiya vilivyokadiriwa kwa idadi ya watu walioandikwa kwenye daftari.

Tamko la tatizo

Mapendekezo mengi huharibikia hapa. Mwanafunzi huanza na hali ya maji duniani, akashuka Afrika, akashuka Tanzania, na anapofika kijijini kwake kurasa nne zimekwisha na tatizo halijatajwa. Tamko la tatizo linahitaji mambo matatu tu: kinachotarajiwa, kinachotokea, na kile ambacho hakuna anayekijua kuhusu pengo lililo kati yake.

Kinachotarajiwa kimeandikwa. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilitaka kila mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 za maji safi kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka kwenye makazi, na kila kituo kihudumie watu 250. Mita hizo 400 ni za zamani kuliko sera yenyewe. Zilikuwa lengo la mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini ulioanza mwaka 1971, uliokusudia kila mtu awe amefikiwa ifikapo 1991. Kwa hiyo kwa zaidi ya nusu karne, swali la kwanza la kupima huduma limekuwa: bomba liko umbali gani?

Sasa tuangalie kinachoweza kutokea mahali kama Mgwashi. Washambaa kwa muda mrefu wamejenga kwenye migongo ya milima, na chemchemi ziko bondeni. Chukua nyumba iliyo mgongoni na kituo cha maji kilicho bondeni, umbali wa mita 350 ukipima kwenye ramani. Kwa kigezo cha umbali, nyumba hiyo imehudumiwa. Lakini kituo kiko mita 110 chini yake, na njia haishuki moja kwa moja. Inazunguka, hadi urefu wake unafika mita 600.

Mpanda milima wa Uskochi aliyeitwa William Naismith alitoa mwaka 1892 kanuni ya kukadiria muda ambayo inatumika mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita tano, na dakika kumi za ziada kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, kushuka ni dakika 7. Kupanda ni dakika 7 nyingine pamoja na 11 za mlima. Jumla ni dakika 25, kabla ya kusimama kwenye foleni hata dakika moja. Tena Naismith alikuwa anamkadiria mtu mzima anayetembea bila mzigo mzito. Mama mwenye ngata kichwani na ndoo ya lita 20 juu yake amebeba kilo 20 na uzito wa ndoo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF huhesabu huduma kuwa ya msingi iwapo safari nzima, foleni ikiwemo, haizidi dakika 30. Kwa nyumba hii, foleni ya dakika sita inatosha kuiondoa kwenye kundi hilo, ilhali kwenye ramani ya mita 400 bado inahesabika.

Pengo la pili linahusu saa za maji kutoka. Miradi mingi ya milimani ni ya mserereko. Maji hushuka yenyewe kutoka kwenye chanzo hadi tenki, kisha vituoni, bila pampu. Hilo hupunguza gharama, lakini kiasi kinachofika hutegemea chanzo kilivyo msimu huo, na njiani yako mabonde ya kabichi, nyanya na viazi yanayohitaji maji hayohayo. Kituo kinaweza kuwa mahali pake, koki nzima, na kikatoa maji saa tatu tu kwa siku. Pengo la tatu ni la wapangaji: vituo hukadiriwa kwa watu walioandikwa kwenye daftari, na wapangaji mara nyingi hawamo.

Haya hayajaanza leo. Mwaka 1972 Gilbert White, David Bradley na Anne White walichapisha utafiti wao wa matumizi ya maji majumbani Kenya, Uganda na Tanzania, uliofanywa katika miaka ya sitini. Miaka thelathini baadaye watafiti wengine walirudi sehemu zilezile. Waligundua kwamba kaya zenye bomba zilikuwa zinatumia maji machache kuliko zamani, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba bomba lilikuwa halitoi maji kwa uhakika. Pendekezo letu linasimama kwenye ugunduzi huo, kisha linauliza jambo ambalo takwimu za umbali haziwezi kujibu: katika senta ya mlimani inayokua, kinachomnyima mtu maji ni mlima, ni saa za bomba, au ni nafasi yake kama mpangaji?

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo tamko la tatizo. Yaliyotangulia yote yameandikwa ili msomaji aione kuwa ni lazima iulizwe.

Malengo

Lengo likiandikwa vizuri, msomaji anajua ni karatasi gani itajazwa uwandani. "Kuchunguza changamoto za upatikanaji wa maji" halimwambii mtu chochote. Haya yanamwambia:

1. Kupima muda wa kuchota na kiasi cha maji kwa kila mtu kwa siku, kwa kulinganisha kaya za mgongoni na za bondeni, wakati wa kiangazi na baada ya masika.
2. Kupima mtiririko na saa za maji kutoka katika kila kituo cha eneo la utafiti.
3. Kulinganisha namna wapangaji na wenye nyumba wanavyopata maji, wanavyoyalipia, na nafasi yao katika chombo cha watumia maji.

Wanafunzi wengi wangeongeza la nne: kupima usalama wa maji kwa kutafuta bakteria wa kinyesi. Ni jambo zito, na ndiyo maana tunaliondoa. Mifuko ya kupimia uwandani huhitaji kukaa kwenye joto la nyuzi 25 au zaidi, kwa saa nyingi zaidi kadiri joto linavyopungua. Usiku wa Usambara hushuka chini ya hapo, kwa hiyo bila kitotozi chenye umeme wa uhakika kipimo kinaweza kuonyesha maji masafi kwa sababu tu bakteria hawakupata joto la kukua. Mtafiti asiye na kitotozi, na asiyeweza kupima pia sampuli ya maji yanayojulikana kuwa safi na ya yanayojulikana kuwa machafu ili kuvihakiki vipimo vyake, ataandika jibu la uongo kwa nia njema. Jopo litaheshimu malengo matatu yanayotekelezeka kuliko manne yenye moja bovu.

Mbinu: kituo kwanza, kaya baadaye

Lengo la pili litekelezwe kwanza, kwa sababu matokeo yake yanasaidia kuelewa majibu ya kaya. Vifaa ni ndoo ya lita 20 iliyohakikiwa ujazo wake, saa, na daftari. Mtafiti anafungua koki yote, anapima sekunde hadi ndoo ijae, anarudia mara tatu na kuchukua wastani. Anafanya hivyo asubuhi, mchana na jioni.

Tuseme ndoo inajaa kwa sekunde 100. Hiyo ni lita 12 kwa dakika, au lita 720 kwa saa. Kituo kinachohudumia watu 250 kwa lita 25 kila mmoja kinatakiwa kutoa lita 6,250 kwa siku. Gawanya kwa 720, utapata saa 8 na dakika 41 hivi za kutoa maji bila kufungwa hata kidogo, ndoo moja ikitoka nyingine ikiingia. Kituo hicho kikitoa maji saa tatu, kimetoa lita 2,160, sawa na lita 8 na nusu hivi kwa mtu. Umbali ni sahihi, idadi ya watu ni sahihi, na maji ni theluthi moja ya yanayotakiwa. Jedwali la namna hii, kituo kwa kituo, linaweza kuwa mchango mkubwa kuliko yote katika tasnifu nzima.

Saa za kutoka maji zisiulizwe kwa fundi au kwa mwenyekiti pekee. Kila mmoja atataja ratiba, na ratiba huonyesha nia tu. Mtafiti awe na mtu anayeandika, kwa kila kituo, muda maji yalipoanza na yalipokatika, kwa wiki mbili mfululizo katika kila msimu. Wiki moja haitoshi, kwani zamu za kufungulia maji zinaweza kuzunguka kwa zaidi ya siku saba.

Kuwapata wasioandikwa

Sampuli ya kaya huanzia kwenye orodha, na orodha iliyo karibu ni daftari la makazi la kijiji. Daftari hilo linawajua wenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja, mwalimu aliyehamia mwaka huu, au wanafunzi wanaojipikia kwenye geto mara nyingi hawamo. Utafiti unaouliza kuhusu wapangaji ukitumia orodha isiyo na wapangaji utahitimisha kwamba wapangaji hawana shida.

Kuna njia rahisi ya kugundua kasoro hii mapema. Chukua uchochoro mmoja wa senta, tembea na mwenyekiti wa kitongoji, na uhesabu milango yenye jiko lake. Linganisha na majina ya uchochoro huo kwenye daftari. Tofauti ikiwa zaidi ya kaya moja kati ya kumi, orodha ijengwe upya kwa kupita nyumba kwa nyumba kabla ya kuchagua yeyote. Kazi hiyo iingie kwenye bajeti na kwenye ratiba tangu mwanzo.

Orodha ikishakamilika, idadi ya sampuli hukokotolewa. Kanuni ya Yamane ndiyo inayoonekana kwenye mapendekezo mengi ya vyuo vyetu:

```
n = N / (1 + N × e²)
```

N ni idadi ya kaya na e ni kosa linalovumilika. Tuchukue kaya 620 na kosa la asilimia 5: n = 620 / (1 + 620 × 0.0025) = 620 / 2.55, yaani kaya 244. Wengi huishia hapo. Lakini kanuni hii inajibu swali moja tu: asilimia ngapi ya kaya za eneo lote ziko katika hali fulani, iwapo kaya zimechaguliwa kwa bahati nasibu ya kawaida. Lengo letu la kwanza linalinganisha makundi mawili. Ikiwa kaya nne kati ya tano ziko mgongoni, sampuli ya uwiano itatoa kaya 49 tu za bondeni, na ulinganisho utakuwa dhaifu. Kwa hiyo tunachagua kaya 122 kutoka kila upande, kisha tunapozungumzia eneo zima tunarudisha uwiano halisi kwa kuyapa makundi uzito wake. Aya moja ya maelezo inatosha, na jopo litajua kwamba mwanafunzi anaielewa kanuni aliyoitumia.

Kuuliza ndoo, si lita

Hakuna anayejua anatumia lita ngapi kwa siku, na akiulizwa atatoa namba ili amridhishe mgeni. Hivyo dodoso liulize vitu vinavyoshikika, na liulize kuhusu jana: "Shikamoo, mama. Jana, tangu mlipoamka hadi mlipolala, zililetwa ndoo ngapi? Naomba unionyeshe ndoo yenyewe. Nani alikwenda? Alitoka saa ngapi, akarudi saa ngapi?" Mama akianza kuhesabu, atajikumbusha mwenyewe: mbili za alfajiri kabla watoto hawajaenda shule, moja ya mchana, moja ya jioni aliyoleta binti. Ndizo nne. Mtafiti anapima ndoo, kwa sababu ya lita 20 na ya lita 10 zote huitwa ndoo.

Ndoo nne za lita 20 kwa kaya ya watu watano ni lita 16 kwa mtu. Ili wafikie lita 25 wangehitaji lita 125, zaidi ya ndoo sita. Kwa safari ya dakika 30, ndoo sita ni saa tatu kila siku. Hapa ndipo kigezo cha dakika 30 nacho kinapoonyesha ukomo wake: kinapima safari moja, wakati mzigo wa kaya ni idadi ya safari. Kwa hiyo jedwali la matokeo liwe na safu mbili, muda wa safari moja na jumla ya muda kwa siku.

Muda unaotajwa nao uhakikiwe. Kwa kaya moja kati ya kila kumi, mtafiti amfuate mchotaji, kwa ruhusa yake, akiwa na saa na simu inayorekodi njia na mwinuko. Tofauti kati ya dakika zilizotajwa na zilizopimwa iripotiwe wazi kwenye tasnifu. Njia hizo zilizorekodiwa ndizo zitakazochukua nafasi ya mstari mnyoofu wa ramani.

Kuhusu msimu: Usambara hupata vuli kuanzia Oktoba, masika kuanzia Machi, na katikati ya mwaka mvua nyepesi za mluati. Awamu ya kwanza ya data iwe Februari, chanzo kinapokuwa kimepungua, na ya pili mwishoni mwa Mei. Ratiba ya chuo ikiruhusu awamu moja tu, iwe ya Februari, na ulinganisho wa misimu uondolewe kwenye malengo. Kumwuliza mtu mwezi Mei alichota ndoo ngapi mwezi Februari hakufai.

Vibali na mipaka

Ngazi za ruhusa zipangiwe muda wake. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Tanga, kisha kwa Katibu Tawala wa Wilaya ya Lushoto. Kwa kuwa Bumbuli ni halmashauri inayojitegemea ndani ya wilaya hiyo, inakwenda pia kwa Mkurugenzi wa Bumbuli, halafu kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti huyo akiwa pia mjumbe wa chombo cha maji, asiwepo wakati wapangaji wanahojiwa kuhusu chombo hicho. Jambo hili liandikwe kwenye sehemu ya maadili.

Mwisho, pendekezo liseme lisichoweza kufanya. Matokeo ya Mgwashi hayatawakilisha viunga vya Dar es Salaam, ambako watu hununua maji ya visima na magari. Hayatasema kama maji ni salama. Yatasema, kwa kila kituo na kila upande wa mlima, ni pengo lipi kubwa zaidi, na hilo linabadilisha uamuzi wa fedha. Mlima ukiwa ndio kikwazo, bomba lipandishwe mgongoni hata kwa gharama ya pampu. Kikwazo kikiwa ni upangaji, katiba ya chombo cha maji irekebishwe, na hilo halihitaji hata mita moja ya bomba. Na kama ni saa za maji kutoka, kinachohitajika ni tenki na makubaliano na wakulima wa bondeni, kwa sababu kituo kipya kwenye bomba lilelile kitagawa maji yaleyale kwa foleni mbili.